Pwani ya Kenya: Mhudumu wa mezani anapopewa usimamizi wa wenzake

Katika hoteli za pwani ya Kenya, kama zile za Diani na Malindi, si ajabu mhudumu wa mezani kupandishwa cheo na kuwa msimamizi wa zamu. Jana alibeba sahani pamoja na wenzake. Leo ndiye anayewapangia meza. Kazi hiyo mpya humpima kwanza katika ugawaji wa meza na katika bili.

Chukulia mgahawa wenye meza 24 na wahudumu wanne, kila mmoja akiwa na meza sita. Meza zilizo upande wa bahari hupendwa na wageni, na mara nyingi ndizo zenye bakshishi nono. Rafiki wa msimamizi amezizoea na hutarajia kuachiwa. Akiachiwa, wengine watatu watasema cheo kimeletwa kwa ajili ya marafiki. Dawa yake ni ratiba ya mzunguko: anayehudumu upande wa bahari leo huhamia upande mwingine kesho, na baada ya siku nne kila mmoja amepita kote. Ratiba hubandikwa mapema, naye msimamizi humweleza rafiki yake faraghani kabla hajaisoma ukutani.

Jaribio la pili ni kufuta bili. Katika migahawa mingi mhudumu hawezi kuondoa kinywaji kilichokwisha kuandikwa mpaka msimamizi aidhinishe. Rafiki akisema mgeni amekataa soda, msimamizi huenda kuiona chupa. Ikiwa haijafunguliwa, hurudishwa kaunta na bili hurekebishwa. Ikiwa imefunguliwa, sababu huandikwa na kutiwa sahihi. Akiidhinisha kwa kuaminiana tu, upungufu utakapoonekana wakati wa kufunga hesabu, ni yeye atakayeulizwa.

Kwa hiyo malengo ya mwezi wa kwanza yafaa kuwa machache. Wiki ya kwanza msimamizi hutazama na kuandika: ni dakika ngapi hupita tangu mgeni aagize hadi kinywaji kifike mezani, na kazi hukwama wapi. Wiki ya pili huanzisha ratiba, pamoja na kikao cha dakika 10 kabla ya zamu, ambapo wahudumu huelezwa vyakula vilivyokwisha jikoni na meza zilizowekwa akiba. Wiki ya tatu huzungumza na kila mhudumu peke yake. Aliyechelewa huulizwa sababu hapo, si mbele ya wageni. Wiki ya nne hupima tena dakika zile zile na kulinganisha.

Ishara ya hatari ni msimamizi kuonekana akibeba sahani zamu nzima. Kusaidia wakati wageni wamefurika ni sawa. Lakini akihudumu muda wote, hapati nafasi ya kuona meza iliyosahauliwa.