Kikalio Kipya, Sinki la Zamani

Kikalio cha choo kikipasuka, huhitaji fundi bomba. Unahitaji futi ya kupimia, bisibisi na dakika chache za kulichunguza sinki lenyewe kabla hujafika dukani. Wengi huenda wakijua rangi tu, nyeupe, wakarudi na kitu kinachocheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Anza na mkono. Nyuma ya sinki, karibu na tangi, kuna matundu mawili yanayopitisha bolti za kikalio. Pitisha mkono chini ya ukingo, usawa wa matundu hayo. Ukigusa nati, ya plastiki yenye masikio au ya chuma, sinki lako ni la kufungia chini: bolti inashuka kutoka juu, nati inakazwa kwa chini. Ukikutana na kauri tupu, kama ilivyo kwa masinki mengi yaliyogusana na ukuta au yanayoning'inia ukutani, nati huwezi kuifikia. Hapo omba kikalio cha kufungia juu. Bolti zake huja na vizibo vya mpira au plastiki. Kizibo unakisukuma tunduni, halafu unakaza skrubu kwa juu. Kinavutwa, kinatanuka na kujibana ndani ya tundu. Futa tundu likauke kabisa kwanza, maana kwenye maji au sabuni kizibo huzunguka pamoja na skrubu na hakishiki kamwe.

Sasa vipimo. Tuseme nyumba ya kupanga Dar es Salaam, sinki la kufungia chini, kikalio kimekatika kwenye bawaba. Kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine ni sentimita 15.5. Kutoka kwenye mstari unaounganisha matundu hayo hadi ncha ya mbele ya sinki ni 43. Upana pale palipotanuka zaidi ni 36. Pima kauri, usipime kikalio kilichovunjika, kwani huenda nacho hakikuwa chake. Umbali wa matundu hausumbui sana, kwa kuwa bawaba nyingi husogezwa kidogo huku na huku. Urefu ndio hauna msamaha.

Dukani mpangaji wetu anaonyeshwa vikalio viwili, vyote vya sentimita 43. Kimoja ni cha yai, kingine kina umbo la herufi D, kimenyooka nyuma na pembeni. Kwa futi viko sawa, lakini sinki lake ni la yai. Cha D kikiwekwa juu yake, pembe zinatokeza nje, na vile vipande vya mpira vilivyo chini ya kikalio vinakosa ukingo wa kukalia. Uzito wote unaangukia bawaba, na hapo ndipo kitakapokatika tena. Dawa ni rahisi: laza gazeti juu ya sinki, chora ukingo wake, kata, nenda nalo dukani.

Kukifungua cha zamani ndiko kazi ilipo, hasa mwambao, ambako chumvi ya hewani hula bolti za chuma, na dawa kali za kusafishia choo huongezea. Nati iliyoshika kutu ipulizie mafuta ya kulegeza, usubiri. Ikikataa, ikate kwa msumeno wa chuma, ukiwa umezungushia tepu kwenye kauri isikwaruzwe. Usiipige nyundo, sinki likipata ufa, hakuna kikalio kitakachokusaidia.

Kuhusu kikalio kinachoshuka chenyewe polepole: ndani ya bawaba mna kijisilinda chenye grisi nzito ya silikoni, nayo hupenya taratibu kwenye upenyo mdogo, ndiyo maana mfuniko hauangui kwa kishindo. Kwenye nyumba yenye watoto nadhani kinastahili nyongeza ya bei, ila wageni wasikisukume kwa nguvu, maana ndivyo kinavyoharibika, na kikishaharibika kitadondoka kama cha kawaida. Kijaribu dukani: kisimamishe, kiachie, utazame mfuniko na kikalio vyote viwili. Nyumbani angalia pia kama tangi halikuja mbele mno, kwa sababu mfuniko usipolala nyuma kidogo kupita wima utakuwa unarudi wenyewe kila mara. Vingine vina kitufe cha kukichomoa chote kwa ajili ya kuosha bawaba. Kwa nyongeza ndogo ya bei, kichukue hicho.

Unapofunga, weka washa za mpira kati ya bawaba na kauri, panga kikalio kikae katikati, kisha kaza nati za plastiki kwa vidole tu. Spana huzivunja. Baada ya wiki moja ya kukaliwa, mpira utakuwa umebonyea kidogo na kikalio kimeanza kutikisika. Ongeza robo mzunguko.