Nusumaisha: kutoka dawa ya saa sita hadi majivu ya Olduvai

Kiini cha atomi nururifu hakizeeki. Kiini kilichokuwapo kwa miaka elfu na kiini kilichotokea jana, mradi ni vya isotopu moja, vina uwezekano uleule wa kubadilika ndani ya saa moja ijayo. Hakuna awezaye kutabiri kiini kipi kitafuata, wala joto, baridi au kemikali za kawaida haziwezi kukiharakisha. Lakini viini vikiwa mabilioni, bahati ya kila kimoja huungana na ya vingine na kuzaa utaratibu thabiti: kila isotopu ina muda wake maalumu ambao nusu ya viini vyake huwa imekwisha kubadilika. Muda huo ndio nusumaisha. Kwa kuwa kiini hakikumbuki umri wake, nusu inayobaki nayo huanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea, na baada ya muda uleule hupungua tena kwa nusu.

Hapo ndipo watu wengi hujikwaa mara ya kwanza. Hudhani kwamba kama nusu imeondoka katika kipindi kimoja, basi kipindi cha pili kitaondoa nusu iliyosalia na kazi imekwisha. Teknetiamu-99m, isotopu inayotumika sana hospitalini kupiga picha za mifupa, moyo na tezi ya shingo, huonyesha hali ilivyo hasa. Nusumaisha yake ni saa 6. Dawa iliyopimwa saa 12 asubuhi na kukutwa na megabekereli 800 itakuwa na 400 saa 6 mchana, 200 saa 12 jioni, na 100 saa 6 usiku. Baada ya vipindi vitatu imebaki sehemu moja ya nane. Haijaisha, na kesho yake asubuhi bado itakuwa na megabekereli 50.

Muda ukiwa vipindi kamili, hesabu ni ya kugawa kwa mbili tu. Ugumu huanza mgonjwa anapochelewa na picha ikapigwa saa 3 usiku, yaani saa 15 baada ya kipimo cha kwanza. Saa 3 usiku iko katikati ya saa 12 jioni na saa 6 usiku, hivyo kishawishi ni kuchukua kati ya 200 na 100 na kujibu 150. Jibu hilo si sahihi, kwa sababu upungufu haushuki kwa mstari ulionyooka: huwa mkali mwanzoni mwa kipindi, viini vingi vikiwa bado vipo, kisha hulegea. Njia ya kweli ni kuuliza muda uliopita ni vipindi vingapi, hata kama si namba nzima, na kukipandisha kipeo hicho:

N = N₀ × (1/2)^(t/T)

Hapa N₀ ni kiasi cha mwanzo, t ni muda uliopita, na T ni nusumaisha. Saa 15 ukizigawa kwa 6 unapata vipindi 2.5. Mbili ikipandishwa kwa 2.5 ni takriban 5.66, na 800 kugawanya kwa 5.66 ni 141. Tofauti ya 141 na 150 inaonekana ndogo, ila kosa lilelile likifanywa katika kukadiria umri wa kitu cha kale hupotosha kwa mamia ya miaka. Namna rahisi ya kujikagua ni kukumbuka kwamba jibu la katikati ya kipindi siku zote huwa chini kidogo ya wastani wa ncha mbili.

Hadi hapa hesabu ilihusu sehemu iliyobaki, bila kujali ni atomi ngapi. Hatua inayofuata ni kuunganisha idadi hiyo na kile kifaa kinachohesabu. Bekereli moja ni kiini kimoja kinachobadilika kila sekunde. Idadi ya viini vinavyobadilika kwa sekunde, yaani ukali wa chanzo, hutegemea mambo mawili: viini vipo vingapi, na kila kimoja kina uwezekano gani wa kubadilika ndani ya sekunde hiyo. Uwezekano huo huandikwa kwa herufi ya Kigiriki λ, nao hupatikana kwa kugawa 0.693 kwa nusumaisha, hiyo 0.693 ikiwa ni logi asilia ya 2. Basi ukali ni A = λN.

Mtego mkubwa hapa ni vipimo vya muda. Nusumaisha ya saa 6 lazima igeuzwe kuwa sekunde 21,600 kabla ya kugawa, la sivyo jibu halitakuwa la bekereli. Ukigawa 0.693 kwa 21,600 unapata λ ya 0.000032 hivi kwa sekunde. Megabekereli 800 ni mabadiliko milioni 800 kwa sekunde. Yakigawanywa kwa λ hiyo, dawa ina viini trilioni 25. Inasikika kuwa mingi mno, lakini uzito wake wote ni takriban sehemu nne za bilioni moja ya gramu. Potasiamu ya kawaida, ile iliyomo ndani ya ndizi na ndani ya miili yetu, iko upande wa pili kabisa. Gramu moja yake ina viini vya potasiamu-40 mara makumi ya maelfu kuliko viini vya dawa ile, na bado hutoa takriban bekereli 31 tu, kwa sababu nusumaisha ya potasiamu-40 ni miaka bilioni 1.25. Nusumaisha fupi hutoa mionzi mikali kwa muda mfupi. Ndefu hutoa hafifu kwa muda usioisha upesi.

Kukadiria umri ni hesabu hiyohiyo ikirudi kinyumenyume. Kaboni-14 huzaliwa angani bila kukoma, mimea huivuta pamoja na kaboni ya kawaida, na wanyama huipata kwa kula. Kiumbe kikifa hakiongezi tena, na iliyomo huanza kupungua kwa nusumaisha ya miaka 5,730. Gramu moja ya kaboni kutoka mti ulio hai hutoa mabadiliko yapatayo 13.6 kwa dakika. Mkaa wa kale unaotoa 3.4 kwa dakika umebakiwa na robo, basi una vipindi viwili, sawa na miaka 11,460.

Maabara haipokei namba zilizonyooka hivyo. Tuseme gramu moja ya kaboni iliyosafishwa kutoka mkaa wa mekoni mwa kale imewekwa kwenye kihesabio, nacho kikaonyesha mibisho 20.5 kwa dakika. Ni zaidi ya ile ya mti ulio hai, jambo lisilowezekana, na ndiyo dalili kwamba kuna kitu kimesahauliwa: mionzi kutoka angani na kutoka kwenye kuta na udongo hugonga kihesabio hata kikiwa kitupu. Kihesabio kitupu kinapopimwa na kutoa 12 kwa dakika, mkaa wenyewe unabaki na 8.5. Hiyo ni 0.625 ya 13.6. Umri hupatikana kwa kugeuza fomula:

t = T × ln(N₀/N) ÷ 0.693

Hapa 13.6 kugawanya kwa 8.5 ni 1.6, logi asilia yake ni 0.470, na ikigawanywa kwa 0.693 hutoa vipindi 0.678. Mara 5,730, umri ni miaka 3,885 hivi. Kuandika tarakimu ya mwisho ni kujidanganya, kwani viini hubadilika kwa bahati na hesabu hutikisika kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha jumla iliyohesabiwa. Kwa saa moja kihesabio hupata mibisho 1,230; mtikisiko wake ni 35, na kwa kuwa 510 tu kati ya hiyo ni ya mkaa, umri una shaka ya miaka kama 570 huku au kule. Ili kupunguza shaka hiyo kwa nusu, lazima kuhesabu kwa muda mara nne.

Kaboni ina kikomo kigumu zaidi ya hicho. Gramu moja ya kaboni hai ina atomi za kaboni-14 zipatazo bilioni 60. Kila kipindi kikizigawa kwa mbili, baada ya vipindi 36, kama miaka laki mbili, hutarajiwi kukuta hata atomi moja. Uchafu huharibu kazi mapema zaidi: mfupa usio na kaboni-14 kabisa, ukiingiwa na asilimia moja tu ya kaboni ya leo kutoka mizizi au mikono, husomeka kuwa na miaka 38,000. Ndiyo sababu maabara husita umri unapopita miaka 50,000 hivi.

Kwa hiyo fuvu ambalo Mary Leakey alilifukua Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, tarehe 17 Julai 1959, halikuweza kupimwa kwa kaboni. Lakini lilikuwa limelala kati ya tabaka za majivu ya volkano, na majivu yana fuwele zenye potasiamu. Kati ya kila viini 1,000 vya potasiamu-40 vinavyobadilika, takriban 107 huwa argoni-40 na vilivyobaki huwa kalsiamu. Argoni ni gesi: mwamba ukiwa umeyeyuka hutoroka, fuwele zikishaganda hunaswa ndani. Saa inaanza volkano inapolipuka.

Chukua fuwele ambazo kwa kila atomi milioni moja za potasiamu-40 zina 104 za argoni iliyozaliwa humo. Kwanza 104 igawanywe kwa 0.107, kupata viini 972 vilivyobadilika. Sehemu iliyobadilika ni ndogo mno, hivyo inatosha kuizidisha kwa nusumaisha na kugawa kwa 0.693: 0.000972 mara bilioni 1.25, kugawanya kwa 0.693, ni miaka milioni 1.75. Huo ndio umri ambao Louis Leakey, Jack Evernden na Garnis Curtis waliutangaza mwaka 1961 kwa tabaka la kwanza la Olduvai, wakati Leakey mwenyewe hapo awali alikuwa akikisia miaka laki sita. Anayesahau kugawa kwa 0.107 hupata chini ya miaka laki mbili, na hesabu haitamwonya.

Hewa nayo ina argoni-40, hivyo maabara hupima pia argoni-36, ambayo haizaliwi na potasiamu. Hewani kila atomi moja ya argoni-36 huambatana na 299 hivi za argoni-40, na kiasi hicho hutolewa kwanza. Fuwele zilizochakaa huvuja argoni na kuonekana changa. Fuwele za zamani zilizochotwa na mlipuko kutoka mwamba wa chini hufanya jivu lionekane kongwe. Makosa hayo hugunduliwa kwa kupima fuwele moja moja na kuona ipi imejitenga, na kwa kupima majivu ya chini na ya juu ya kisukuku: la chini lisipotoka kuwa kongwe kuliko la juu, mojawapo ya vipimo hivyo ni batili.