Nondo Zinazosubiri Ghorofa

Ukipita Kigamboni, Mbezi au Bunju utaziona nyumba za chini zilizokwisha kupakwa rangi, watu wanaishi ndani, na juu ya slabu vishungi vya nondo vimechomoza kuelekea angani. Kila kishungi ni nguzo iliyokatishwa. Mwenye nyumba ana nia ya kupandisha ghorofa siku fedha zikipatikana, ndiyo maana fundi hakuzikata.

Familia moja ya Kigamboni, mume dereva wa lori na mke anayeuza vitenge Kariakoo, ilimwaga slabu yake mwishoni mwa kiangazi, wiki chache kabla ya masika. Fedha zikaishia hapo. Ada za shule zilikuwa zinangoja, na watoto watatu walikuwa wanalala chumba kimoja cha kupanga. Wakahamia chini wakiwa na nguzo kumi zinazosubiri, kila moja ikiwa na nondo nne za milimita 16 zilizochomoza sentimita 90 juu ya slabu.

Urefu huo ulikuwa sahihi. Nondo mpya ya ghorofa haiungwi kwa kuisimamisha juu ya ya zamani. Hulazwa ubavuni mwake na kufungwa kwa waya, halafu zege ndilo linalohamisha mzigo kutoka nondo moja kwenda nyingine. Kipimo ambacho mafundi wengi hukitumia ni unene wa nondo mara hamsini. Kwa nondo ya milimita 16, hiyo ni sentimita 80. Anayeacha sentimita 30 ili kuokoa chuma ameacha pambo.

Fundi, kabla ya kuondoka, alizipaka nondo oili chafu ya gari. "Hapo kutu haigusi, mama," alimwambia mwenye nyumba, na kwa miezi michache ilionekana ana haki. Oili inazuia maji kweli. Tatizo ni kwamba zege haling'ang'anii chuma chenye mafuta, na kiungo chote cha sentimita 80 kinategemea mng'ang'anio huo. Juu ya hayo, mvua na jua huimaliza oili mapema, ikabaki tu kwenye mikunjo ya nondo ambako brashi haifiki vizuri.

Mpwa wa mama huyo ni mhandisi wa majengo. Alikuja kula Idi, akapanda juu kuangalia simtanki lililokuwa linafurika, akashuka na mikono ya rangi ya kahawia.

"Mama mdogo, nani aliwaambia mpake oili?"

"Fundi. Kwani imeharibika?"

"Huko juu ni nzima. Njoo uone shingoni."

Shingo ni pale nondo inapotokea kwenye zege, na hapo ndipo chuma hufa kwanza. Sehemu iliyo ndani ya zege iko salama, kwa sababu saruji ina ualkali mkali unaokiwekea chuma utando wa kukilinda. Sehemu ya juu hulowa mvua ikinyesha, kisha upepo ukaikausha. Shingoni maji hutuama, yakakauka polepole, yakarudi. Na Kigamboni kusi huvuma moja kwa moja kutoka baharini, ukibeba chumvi ambayo huuvunja ule utando na kuivuta kutu iingie hata sentimita chache ndani ya zege. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huisukuma zege hadi ikapasuka kuzunguka nondo, na ufa huo hukaribisha maji zaidi.

Mpwa alichukua brashi ya waya na kalipa. Nondo nyingi zilikuwa na kutu nyepesi ya rangi ya chungwa, inayotoka kama vumbi. Hiyo haina madhara; hata nondo mpya dukani huwa nayo. Lakini kwenye nguzo mbili za upande wa bahari, pale maji ya simtanki yalipokuwa yanamwagikia, kutu ilibanduka kama magamba. Baada ya kusugua, kalipa ilisoma milimita 14 shingoni.

Milimita mbili zinasikika kama kitu kidogo. Ila nguvu ya nondo hutokana na eneo la uso wake ukiikata, si upana wake. Ya milimita 16 ina takriban milimita za mraba 201, ya 14 ina 154. Karibu robo ya chuma ilikuwa imekwenda.

Kazi ya kuzikinga ilichukua mwisho wa juma mmoja. Kwanza simtanki lilihamishwa. Oili ikapanguswa kwa matambara yenye thina, kisha sabuni na brashi ya waya, kisha maji safi. Nondo zilipokauka zilipakwa uji mzito wa saruji, mikono miwili, kwa brashi iliyosukumwa hadi kwenye mikunjo na shingoni. Kisha kila nguzo ikatengenezewa kisanduku cha mbao cha sentimita 30 kwa 30, kimo mita moja, kikajazwa zege dhaifu: ndoo moja ya saruji, nne za mchanga, nane za kokoto ndogo. Nondo zote zikafunikwa hadi ncha. Kichwa cha kila kisanduku kilipewa mteremko, na kitako chake kikazungushiwa plasta iliyolazwa mshazari ili maji yasituame tena. Nguzo zote kumi zilikula mifuko mitatu hivi ya saruji.

Udhaifu wa zege hilo ni wa makusudi. Siku ya kuendelea, linabomolewa kwa nyundo na tindo bila kuziumiza nondo. Ukilipika kali kama la nguzo, utalazimika kuleta mashine, na mtikisiko wake hufika hadi kwenye shingo unayoilinda.

Mama aliuliza kama mifuko ya nailoni au chupa za plastiki zisingetosha. Chupa zinamwokoa mtoto asijitoboe jicho, na kwa hilo pekee ni jambo jema. Kwa kutu hazisaidii: unyevu hupanda ndani usiku, ukabaki humo mchana kutwa. Rangi ya mafuta nayo ina dosari ileile ya oili.

Miaka mitano baadaye walibomoa vile visanduku. Nguzo nane zilikuwa safi. Zile mbili za upande wa bahari hazikuzidi kuharibika, lakini chuma kilichokwisha kuliwa hakirudi, na kuunga nondo mpya juu ya shingo nyembamba hakuondoi wembamba wake. Mhandisi aliamuru matundu yatobolewe ndani ya vichwa vya nguzo hizo, yakapulizwa vumbi lote, nondo mpya zikapandikizwa kwa gundi ya epoksi kwa kina alichokipiga hesabu yeye. Nguzo hizo mbili peke yake ziligharimu zaidi ya kuzikinga zote kumi.

Kabla ya yote hayo aliomba michoro ya msingi. Nondo zilizochomoza hazithibitishi kwamba msingi ulijengwa kubeba ghorofa. Mafundi wengine huziacha kwa mazoea tu. Bahati nzuri baba alikuwa ameitunza, pamoja na hati ya kiwanja.

Kama nyumba yako imeishia kwenye slabu, panda juu mara mvua inapokatika na uone maji yanatuama wapi. Yakiwa kwenye shingo za nondo, usisubiri masika mengine.