Kujaza Seli Tupu za Excel kwa Mkupuo Mmoja

Karani wa ghala anayeandaa ripoti ya magunia ya mahindi huandika jina la mkoa mara moja tu, kisha akaorodhesha wilaya chini yake. Anayeisoma karatasi hiyo haoni tatizo: panapoachwa wazi, anajua kuwa mkoa ni uleule wa juu. Excel haina ujuzi huo. Kwake kila mstari hujitegemea, na seli tupu haina mkoa wowote.

Tuseme ripoti ina mistari minane chini ya vichwa vya safu. Safu ya A ni mkoa, B ni wilaya na C ni magunia. Tanga imeandikwa kwenye A2, pamoja na Lushoto yenye magunia 40. Korogwe (65) na Muheza (30) zinafuata bila jina la mkoa. Iringa iko A5 na Mufindi (120), halafu Kilolo (95). Ruvuma iko A7 na Songea (150), kisha Mbinga (110) na Namtumbo (80). Sasa Excel iulizwe jumla ya Tanga:

```
=SUMIF(A2:A9,"Tanga",C2:C9)
```

Jibu linakuja 40 badala ya 135, kwa kuwa Lushoto peke yake ndiyo iliyoandikiwa mkoa. Mistari minane mtu anaweza kuijaza kwa mkono. Ikiwa elfu tatu, kazi hiyo itamlaza ofisini.

Njia ya mkato inaanza kwa kuchagua A2 hadi A9. Bonyeza Ctrl+G, kisha Special, weka alama kwenye Blanks na ubonyeze OK. Seli tano tupu zitabaki zimechaguliwa, na ile ya kwanza, A3, ndiyo inayosubiri kuandikwa. Usibofye popote kwa kipanya, maana uteuzi wote utapotea. Andika alama ya = na ubonyeze mshale wa juu mara moja, itokee hivi:

```
=A2
```

Hapo usimalizie kwa Enter pekee, bonyeza Ctrl+Enter. Enter pekee ingejaza A3 tu, lakini Ctrl ikiongezwa, fomula inaingia katika seli zote zilizochaguliwa, na kila moja inamtazama jirani yake wa juu. A4 inapata =A3, A9 inapata =A8. Jina la Ruvuma linashuka kutoka A7 hadi A8, kisha A9. Jumla ya Tanga sasa ni 135, Iringa 215 na Ruvuma 340, na zote zikijumlishwa zinafika 690, sawa na jumla ya safu ya C.

Kazi haijaisha, ingawa kwa macho imekamilika. Majina yaliyojazwa bado ni fomula. Mtu akiipanga ripoti kuanzia wilaya yenye magunia mengi, Songea inakuwa ya kwanza, Mufindi ya pili na Mbinga ya tatu. Fomula ya Mbinga itaendelea kutazama juu, na juu yake sasa kuna Iringa. Hivyo Mbinga inahamishwa mkoa bila onyo lolote. Dawa yake ni kuchagua tena A2 hadi A9, kunakili kwa Ctrl+C, kufungua Paste Special kwa Ctrl+Alt+V, kuchagua Values na kubonyeza OK. Fomula zinaondoka, majina yanabaki.

Wakati mwingine Excel hujibu “No cells were found” ilhali seli zinaonekana wazi kabisa. Mara nyingi faili kama hilo limetolewa kwenye mfumo mwingine, na ndani ya seli kuna nafasi isiyoonekana. Andika =LEN(A3) pembeni: ikitoa 1, seli hiyo ina herufi moja ndani yake. Kama ni nafasi ya kawaida, fungua Replace kwa Ctrl+H, tafuta nafasi moja na uache sehemu ya mbadala tupu. Kwenye Options, weka alama kwenye Match entire cell contents; bila hiyo, Dar es Salaam itageuka DaresSalaam.

Kuna pia fomula inayokataa kufanya kazi, seli ikaonyesha maandishi =A2. Hiyo ni dalili kuwa safu imewekwa katika mtindo wa Text. Ifute fomula hiyo, badilisha mtindo uwe General, na urudie hatua za kujaza.

Uchaguzi wa mwanzo nao una uzito wake. Ukiwa umechagua seli moja tu kabla ya Ctrl+G, Excel itatafuta matupu katika eneo lote lenye data, safu ya C ikiwemo. Tuseme hesabu ya Namtumbo haijaletwa na C9 iko wazi. Ikijazwa kwa njia hii, itapewa magunia 110 ya Mbinga, na Ruvuma itasomeka 370 wakati magunia yaliyoripotiwa ni 260. Katika safu ya A, utupu una maana ya “kama juu”. Katika safu ya C, una maana ya taarifa inayosubiriwa kutoka wilayani.