Bonasi ya Chai na Uzito wa Hasara

Fort Ternan iko ukingoni mwa nchi ya chai. Ukifuata reli kuteremka Muhoroni unaingia kwenye miwa. Ukipanda kuelekea mji wa Kericho unaipata chai. Huko juu, mkulima mdogo anayepeleka majani mabichi kwenye kiwanda cha KTDA hulipwa kwa awamu mbili. Kila mwezi hupata kiasi fulani kwa kilo, kisha mara moja kwa mwaka, hesabu za kiwanda zikishafungwa mwisho wa Juni, hupata bonasi. Mazungumzo yote ni ya bonasi. Malipo ya mwezi hupita kimyakimya.

Tuchukue hesabu ya mfano. Mkulima anachuma kilo 3,000 kwa mwaka. Mwaka jana alilipwa shilingi 20 kwa kilo kila mwezi, na bonasi ya shilingi 20. Mwaka huu kiwanda kimepandisha malipo ya mwezi hadi 25, na bonasi ikawa 15. Kwa kila mwaka kati ya hiyo miwili, jumla ni shilingi 120,000. Mwenyekiti wa kiwanda akisimama mbele ya wakulima anaweza kusema, "Tumewaongezea shilingi tano kwa kilo." Mwingine, akiwa na karatasi ileile mkononi, atasema bonasi imepungua kwa robo. Wote wawili wamesema kweli, lakini ni yule wa pili atakayeamsha hasira.

Sababu yake ilielezwa na wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky mwaka 1979. Waligundua kwamba mtu akipima pesa haanzi na jumla ya alichonacho. Huanza na kiwango alichokizoea au alichokitarajia, na kila kinachopungua chini ya hapo hukihesabu kuwa hasara. Tena hasara humwuma kuliko faida ya kiasi kilekile inavyomfurahisha. Katika makadirio yao ya mwaka 1992, uzito wa hasara ulizidi kidogo mara mbili ya ule wa faida. Mkulima wetu ameongezewa shilingi 1,250 hivi kila mwezi, nazo zimeishia kwenye sukari na nauli. Bonasi yake imepungua shilingi 15,000 kwa siku moja, pesa ambazo pengine alikwisha kuzipangia karo. Kwenye daftari nyongeza na upungufu vinafutana. Moyoni havifutani.

Mwaka 1981 wawili hao walionyesha kwamba maneno peke yake yanatosha kugeuza uamuzi. Waliwaambia watu kuna ugonjwa unaotarajiwa kuua watu 600. Kundi la kwanza lilichagua kati ya mpango utakaookoa watu 200 kwa hakika, na mwingine wa kubahatisha wenye nafasi moja kati ya tatu ya kuwaokoa wote na mbili kati ya tatu za kutomwokoa yeyote. Asilimia 72 walishika mpango wa hakika. Kundi la pili lilipewa mipango hiyohiyo, ila sasa ule wa hakika ulielezwa kwamba watu 400 watakufa. Asilimia 78 wakaona heri kubahatisha. Hakuna hata maisha ya mtu mmoja yaliyobadilika kati ya maswali hayo mawili.

Hapo ndipo pana hatari kwa mkulima. Anayejiona amepata hulinda alichonacho, lakini anayejiona amepoteza huwa tayari kubahatisha ili arudi alipokuwa. Ni baada ya bonasi kushuka, wala si baada ya kukokotoa jumla ya mwaka, ndipo wazo la kung'oa chai na kujaribu zao jingine linapovutia zaidi.

Hata hivyo, kila tofauti ya hisia isiitwe udanganyifu wa maneno. Shilingi ya mwezi na shilingi ya bonasi si sawa kabisa, kwa kuwa bonasi humwekea mtu akiba ambayo angeshindwa kujiwekea. Utafiti wa Lorenzo Casaburi na Rocco Macchiavello, uliochapishwa mwaka 2019, uliwakuta wafugaji wa ng'ombe wa maziwa Kiambu wakipendelea kulipwa mwisho wa mwezi hata pale malipo ya papo kwa papo yalipokuwa na bei bora. Mkulima anayelalamikia bonasi ndogo huenda anaililia akiba hiyo.

Tena iko hasara ya kweli. Viwanda vya Mlima Kenya kwa kawaida hulipa bonasi kubwa kuliko vya Kericho na Bomet, na chai yao huuzwa ghali zaidi kwenye mnada wa Mombasa. Pengo hilo haliletwi na namna ya kusema. Na maneno mazuri yanaweza kuficha upungufu halisi. Tuseme mwaka huu malipo ya mwezi yamepanda kutoka 20 hadi 23, lakini bonasi imeanguka kutoka 20 hadi 10. Mwenyekiti bado ana nyongeza ya kutangaza. Lakini jumla kwa kilo imetoka 40 hadi 33, na kwa kilo 3,000 mkulima amepoteza shilingi 21,000. Kwa hiyo risiti za mwezi zitunzwe hadi siku ya bonasi, na swali la kwanza mkutanoni liwe jumla ya kilo moja kwa mwaka mzima, mwaka jana na mwaka huu.