Kati ya mashine kuharibika na mtu kuumia

Kwenye daftari la zamu la mashine ya kusaga nafaka kumeandikwa hivi: "Jumanne. Mashine imeharibika, mtu ameumia." Aliyeandika hakusema uongo, ila ameweka matukio mawili pamoja bila kutuambia lipi lilitangulia. Huenda mashine ilikatika ikamjeruhi mtu. Huenda mkono wa mtu uliingia kwanza, mashine ikakwama. Au mashine ilikuwa mbovu tangu asubuhi, na mtu akaumia alipojaribu kuitengeneza. Dawa ya kila moja ni tofauti, kwa hiyo anayetaka kuandika ripoti kamili huanza kwa kutafuta mpangilio wa matukio.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye vifaa ambavyo kila aliyewahi kupeleka mahindi kusagwa anavijua: mota ya umeme, mikanda mitatu inayozungusha puli ya kinu, nyundo ndani ya kinu, na foleni ya wateja mlangoni. Majeruhi ameshapelekwa zahanati. Msimamizi amezima swichi kuu, amezuia mtu yeyote kufagia au kufungua chochote, na amepiga picha. Mambo hayo hufanywa kabla ya swali la kwanza, kwa kuwa unga ukishafagiwa na mkanda ukishatupwa, ushahidi umekwenda.

Maswali ya mwanzo ni mepesi, lakini hayakubali majibu ya jumla. Mashine gani, ya kukoboa au ya kusaga? Ya kusaga. Kitu gani hasa kimeharibika? Mkanda mmoja kati ya mitatu umekatika. Mtu ameumia wapi? Mkono wa kulia. Kidole cha kati kimepoteza pingili ya juu, cha shahada kimechubuka. "Ameumia mkono" haitoshi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na sheria ya Tanzania ya mwaka 2008, unahitaji kujua kiungo kilichoathirika na kwa kiasi gani, maana malipo ya ulemavu hufuata kipimo hicho. Saa nayo iandikwe pamoja na kipindi cha siku: "saa 4:20 asubuhi". Kadi ya zahanati ikisema 10:20 na daftari likisema 4:20 bila neno asubuhi, asiyekuwepo atadhani majeruhi alikaa saa sita bila matibabu.

Baada ya hapo ni zamu ya kusikiliza watu, mmoja mmoja, kila mtu peke yake. Wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa huwapa wengine kumbukumbu yake. Kwa mwendesha mashine, swali baya kabisa ni "Kwa nini uliingiza mkono?" Hilo ni shtaka, na mtu aliyeshtakiwa hujitetea. Msimamizi wetu alimwambia hivi: "Pole sana, kaka. Nieleze tangu ulipowasha mashine asubuhi. Sitakukatiza."

Akaeleza kwamba saa nne hivi alisikia mlio kama wa kiboko, na unga ukaanza kutoka mzitomzito. Mkanda mmoja ulikuwa umekatika, lakini mota haikusimama. Iliendelea kuzungusha kinu kwa mikanda miwili iliyobaki. Kipande kilichokatika kilikuwa kinapigapiga kando ya puli. Akaendelea kusaga debe la mteja, kisha akanyoosha mkono akitoe kile kipande. Kikajizungusha kwenye puli na kuvuta vidole.

Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni aliulizwa kivyake: "Mama, ulisikia nini kwanza?" Alisema alisikia mlio, akadhani ni umeme, na debe lililokuwa mbele yake likamalizika kabla hajasikia kijana akipiga kelele. Watu wawili ambao hawakusikilizana wamekubaliana juu ya jambo lisilokuwemo kabisa kwenye daftari: kati ya mashine kuharibika na mtu kuumia zilipita dakika kadhaa, na mashine ilikuwa inafanya kazi. Hapo ndipo ripoti ilipo.

Sasa maswali ya "kwa nini" yana pa kushika. Taiichi Ohno, injinia wa kampuni ya Toyota, alijulikana kwa kufundisha watu waulize "kwa nini" mara tano. Katika mfano wake maarufu mashine imesimama kwa sababu fyuzi imeungua, na maswali yakishuka yanafika kwenye pampu ya mafuta iliyolika kwa kukosa chujio. Aliyebadilisha fyuzi tu angerudi kuibadilisha tena. Lakini mfano huo una uzi mmoja, na ajali yetu ina nyuzi mbili. Ukizichanganya, ya pili humezwa na ya kwanza.

Uzi wa mashine: kwa nini mkanda ulikatika? Ulikuwa mpya, na miwili mingine imechakaa. Kwa nini mpya ndio ukatike? Mikanda iliyotumika hurefuka, hivyo mpya ukiwekwa peke yake hubeba karibu mzigo wote. Kwa nini uliwekwa peke yake? Risiti ya duka inaonyesha mkanda mmoja tu ulinunuliwa, kwa sababu hakuna aliyemwambia mnunuzi kwamba mikanda ya puli moja hubadilishwa yote kwa pamoja.

Uzi wa mtu: kwa nini mkono ulifika kwenye puli? Kinga ya bati ilikuwa imeegemezwa ukutani. Kwa nini haikufungwa? Ina bolti sita, na mkanda uliolegea ulikuwa unakazwa kila mara, basi fundi akaona usumbufu. Kwa nini mwendeshaji hakuzima kwanza? Swichi iko mlangoni nyuma ya foleni, na kinu kikiwa na nafaka ndani, kukiwasha upya huifanya swichi iruke.

Ripoti inayoishia kwenye "uzembe wa mfanyakazi" imeacha kuuliza kwenye hatua ya kwanza ya uzi wa pili. Alikosea kuingiza mkono, na hilo liandikwe. Lakini yeyote atakayesimama pale kesho atakuta puli ile ile iliyo wazi na swichi ile ile iliyo mbali.

Wakati wa kuandika, kila sentensi ijibu swali moja la msomaji: umejuaje? Kwa hiyo yatenganishwe yaliyoonekana, yaliyosemwa na yaliyokisiwa:

"Jumanne, saa 4:20 asubuhi hivi, mkanda mmoja kati ya mitatu wa mashine ya kusaga ulikatika. Mwendeshaji na mteja mmoja wanasema mashine iliendelea kusaga kwa dakika kadhaa. Mwendeshaji anasema aliingiza mkono wa kulia kuondoa kipande bila kuzima, kikamvuta. Amepoteza pingili ya juu ya kidole cha kati. Cha shahada kimechubuka. Kinga ilikutwa imeegemea ukutani. Mkanda uliokatika ni mpya, miwili imechakaa. Inaelekea mpya ulibeba mzigo kupita kiasi. Haijafahamika kinga ilitolewa siku gani."

Sentensi ya mwisho isifutwe kwa aibu ya kutojua. Inamwambia mkaguzi aanzie wapi.

Yabaki mapendekezo. "Wafanyakazi wawe waangalifu" hakuna anayeweza kwenda kulikagua. Haya yanakagulika: kinga ifungwe kwa bawaba na komeo linalohitaji ufunguo, swichi ya kuzimia iwekwe mkono wa mwendeshaji unapofika, mikanda inunuliwe mitatu kwa pamoja. Mbele ya kila moja liandikwe jina la mhusika na tarehe ya mwisho, na hadi hapo swichi kuu ibaki imezimwa.