Swali Kwanza, Dodoso Baadaye

Nilipoitwa kufungua warsha ya mbinu za utafiti kwa wanafunzi wapya wa shahada ya uzamili, niliandika ubaoni namba moja tu: 384. Wengi walitabasamu. Walikuwa wameshakutana nayo katika tasnifu za waliowatangulia, katika sura ya tatu, pale mwandishi anapotaja idadi ya watu aliowahoji. Mada inaweza kuwa kilimo cha mpunga, utoro shuleni au mikopo ya simu, lakini watu ni 384 walewale.

Namba hii haikuokotwa njiani. Mwaka 1970 Krejcie na Morgan walichapisha jedwali linalomwonyesha mtafiti ahoji watu wangapi kulingana na ukubwa wa jamii anayoichunguza. Kwa jamii ya watu milioni 1, jedwali linasema 384. Wasiotumia jedwali hilo hukimbilia kanuni ya Yamane:

```
n = N / (1 + N × e²)
```

Hapo N ni idadi ya watu wote na e ni kiasi cha kukosea unachoweza kukivumilia, kwa kawaida 0.05, yaani asilimia 5. Wilaya yenye kaya 12,000 itakupa kaya 387. Ongeza kaya upendavyo, jibu halitavuka 400.

Hesabu hiyo ni sahihi, ila inajibu swali la aina moja tu: ni sehemu gani ya watu walio hivi au vile? Tena inadai kila mtu awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa kwa bahati nasibu. Kanuni hiyo haikusaidii kujua kwa nini watu wako hivyo, wala kama jambo fulani ndilo lililowabadilisha. Mwanafunzi anayeandika kuwa lengo lake ni kuelewa sababu, kisha akachukua 384 na dodoso la "nakubali sana, nakubali, sijui", ameazima jibu la swali la mtu mwingine.

Niliwapa mfano mmoja na tukakaa nao karibu saa nzima: kunawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni. Tuseme unataka kujua ni kaya ngapi katika kata fulani zina mazoea hayo. Mkono wako utakwenda kwenye dodoso: "Je, unanawa kwa sabuni utokapo chooni?" Sasa fikiria wewe ni mama wa nyumba hiyo. Kijana aliyevaa kitambulisho cha chuo amebisha hodi, umemkaribisha kiti, na anakuuliza kama wewe ni msafi. Nani atasema hapana? Dodoso hapo limepima kitu cha kweli kabisa, nacho ni kwamba watu wanajua jibu linalotakiwa. Kama wanalitenda au hawalitendi, bado hujui.

"Basi tukae tuwaangalie," akasema mwanafunzi mmoja wa nyuma. Ni hatua nzuri, na watafiti wengi wameifuata: unakaa uani tangu asubuhi na kuandika kila anayetoka chooni alifanya nini. Lakini mtu anayetazamwa hubadilika. Watafiti waliofanya kazi katika kaya 45 za vijijini Bangladeshi, na kuchapisha matokeo mwaka 2010, walitega mtego wa busara. Waligawa sabuni zilizofichwa ndani yake kifaa kidogo kinachohesabu kila mara sabuni inapoinuliwa na kusogezwa. Siku za kawaida, katika muda wa saa 5, kaya ya katikati ilisogeza sabuni mara 3.7. Siku ambayo mtazamaji alikuja kukaa kwa saa zilezile, ikawa mara 5. Ongezeko hilo la asilimia 35 lililetwa na mgeni aliyekaa kwenye kiti.

Hata sabuni ile ina upofu wake. Inajua kuwa imeguswa, haijui imeguswa na nani, wala kama alitoka chooni au alikuwa anafua. Ndiyo maana tafiti kubwa za afya za kitaifa hutumia njia ya tatu, ya bei nafuu zaidi: mdodosaji huomba aonyeshwe mahali pa kunawia, kisha hutazama kama pana maji na sabuni. Hilo halithibitishi kwamba mtu ananawa. Lakini pasipo na maji wala sabuni, huhitaji kuuliza zaidi.

Kwa hiyo swali moja dogo la "wangapi" lina njia tatu, na kila moja inakosea kwa namna yake. Mtafiti anayejua njia yake inakosea upande gani anaweza kulisema hilo wazi katika tasnifu. Anayetumia dodoso kwa sababu kaka yake alitumia dodoso hawezi.

Sasa badilisha swali: kwa nini nyumba yenye sabuni na maji hainawi? Hapo 384 haina kazi. Unahitaji nyumba chache, pengine 15 au 20, na muda wa kuzungumza bila haraka. Ndipo utasikia kwamba sabuni iko chumbani kwa sababu ikiachwa nje kunguru huibeba au watoto huimaliza kwa kuchezea. Dodoso lenye majibu yaliyoandikwa tayari lisingemkamata kunguru, kwa kuwa aliyeliandika hakumfikiria.

Badilisha tena: je, kibuyu chirizi kikitundikwa kando ya choo, watu watanawa zaidi? Sasa unahitaji ulinganisho. Vijiji vingine vipewe sasa, vingine vingoje, na uamuzi ufanywe kwa kura, kisha pande zote zipimwe kwa namna moja. Ukipima waliopewa peke yao, kabla na baada, huenda utakisifu kibuyu kwa kazi iliyofanywa na mvua au na tangazo la kipindupindu redioni.

Wapo pia wanaokimbia namba kwa mazoea. Wanahoji watu 12, kisha wanaandika "wakazi wengi wanaamini". Watu 12 waliochaguliwa kwa kufahamiana wanaweza kukuonyesha aina za sababu zilizopo, lakini hawana uwezo wa kukuambia ipi imeenea.

Binti mmoja aliuliza lililokuwa moyoni mwa wengi: "Daktari, na kama msimamizi wangu anataka dodoso tu?" Nilimjibu asiende kubishana juu ya mbinu, aende na karatasi moja. Kabla ya kutoka kwenda uwandani, achore jedwali lake la matokeo likiwa tupu, au aandike sentensi anayotarajia kuihitimisha huku nafasi ya jibu ikiwa wazi. Kisha ajaze kwa majibu ya kubuni na amsomee msimamizi. Kama lengo ni "kueleza sababu za kutonawa" na jedwali linasema "asilimia 71 wanakubali kuwa usafi ni muhimu", wote wawili wataona pengo hilo, na kulirekebisha kutagharimu jioni moja badala ya mwaka mzima.

Mchana wakagawanyika vikundi na kuanza kuchora majedwali hayo. Kikundi cha kwanza kumaliza kilirudi kwangu kuomba ruhusa ya kubadili swali lake.

Nawe msomaji, siku mwanafunzi atakapobisha hodi na karatasi zake, mkaribishe, lakini kabla hujajibu namba moja, mwombe akuambie kwa sentensi moja anatafuta kujua nini.